Kutoka Mita za Ujazo kwa Sekunde hadi Lita za Mji kwa Siku

Mtiririko wa mto hupimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, ilhali mahitaji ya mji hutajwa kwa lita kwa siku. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000. Siku moja ina saa 24, kila saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo siku nzima ina sekunde 86,400. Mto unaopitisha mita moja ya ujazo kila sekunde, usiku na mchana bila kupungua, hupitisha lita 1,000 mara 86,400, yaani lita 86,400,000 kwa siku. Anayekumbuka kwamba mita moja ya ujazo kwa sekunde ni lita milioni 86.4 kwa siku hahitaji kukumbuka kitu kingine: namba yoyote ya mtiririko ikizidishwa kwa 86.4 hutoa jibu katika mamilioni ya lita.

Vijito vidogo mara nyingi huandikwa kwa lita kwa sekunde. Hapo elfu moja imekwisha kuhesabiwa, na kinachobaki ni kuzidisha kwa 86,400. Kijito cha lita 12 kwa sekunde hutoa lita 1,036,800 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya lita milioni moja. Kosa linaloonekana mara kwa mara kwenye majedwali ya makadirio ni kuzidisha kwa elfu mara mbili, kwa sababu safu moja ya jedwali iko katika lita na nyingine katika mita za ujazo. Kulitambua si kazi ngumu: kijito ambacho mtu anaweza kukivuka bila kulowa magoti hakiwezi kutoa lita bilioni moja kwa siku, kwani hiyo ni zaidi ya mita 11 za ujazo kila sekunde, na huo ni mto wa kuvukwa kwa daraja.

Hesabu yenyewe inaishia hapo. Ugumu wote uko katika kuchagua namba ya kuanzia, na hakuna mahali panapoonyesha jambo hili vizuri kuliko mto Simiyu, unaokusanya maji kutoka nyanda za mashariki ya Mwanza, ukapita Magu na kuingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wastani wa mtiririko wake ulikadiriwa kuwa karibu mita za ujazo 39 kwa sekunde. Ukizidishwa kwa 86.4, wastani huo ni lita milioni 3,370 kwa siku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,104,521 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo ndizo Jiji la Mwanza na manispaa jirani yake. Mgawanyo ukifanywa, kila mtu anapata zaidi ya lita 3,000 kwa siku, au ndoo 150 za lita 20, kutoka mto mmoja tu.

Namba hiyo haina kosa la hesabu, lakini haifai kupangia maji. Simiyu ni mto wa misimu. Wakati wa masika na vuli hufurika, ukabeba mchanga na matope hadi ziwani. Kiangazi kikikolea, kuanzia Julai kuelekea Oktoba, hupungua hadi kubaki madimbwi kati ya fungu moja la mchanga na jingine, na sehemu nyingine hukauka kabisa. Wastani wa mwaka huchukua mafuriko ya siku chache na kuyatandaza juu ya miezi mikavu kana kwamba maji yalisubiri. Mkazi wa mji hawezi kunywa mwezi wa Septemba maji yaliyopita mwezi wa Aprili, isipokuwa kama kuna bwawa lililoyazuia. Kwa chanzo kisicho na bwawa, wastani wa mwaka usiingie kabisa katika makadirio.

Wataalamu wa hidrolojia hutumia mtiririko wa uhakika badala ya wastani. Huchukuliwa vipimo vya kila siku vya mwaka mzima, au vizuri zaidi vya miaka mingi, vikapangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo bila kujali tarehe. Katika mwaka wa siku 365, kipimo cha 347 kutoka juu ndicho mtiririko unaofikiwa au kuzidiwa kwa asilimia 95 ya siku. Hicho ndicho huzidishwa kwa 86.4. Siku 18 zilizobaki chini yake ndizo siku ambazo mji utapungukiwa, na mpangaji huamua mapema kama mji unaweza kuzivumilia kwa akiba ya tenki au la. Kwa mto unaokauka zaidi ya wiki tatu kila mwaka, kipimo hicho cha 347 ni sifuri, na sifuri hubaki sifuri hata ikizidishwa kwa namba gani. Jibu hilo lina thamani kubwa, kwa sababu linafunga mjadala wa kufunga pampu kando ya mto bila bwawa.

Vipimo vyenyewe hupatikana mtoni, na inafaa kuona jinsi vinavyopatikana, kwa kuwa kosa la huko halirekebishwi na kikokotoo. Huchaguliwa sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa wala maji yanayozunguka. Kamba yenye alama hukazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mto hugawanywa katika vipande. Katika kila kipande hupimwa kina kwa fimbo yenye vipimo, kisha kasi ya maji kwa kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo. Kifaa hushushwa hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, kwa sababu kasi ya hapo hukaribia sana kasi ya wastani ya maji kuanzia juu hadi chini. Upana wa kipande mara kina mara kasi ni mtiririko wa kipande hicho, na jumla ya vipande vyote ni mtiririko wa mto.

Tuseme timu inapima mto wa mfano wa aina ya Simiyu mwezi wa Juni, maji yakiwa yameanza kushuka. Mto una upana wa mita 10, nao unagawanywa katika vipande vitano vya mita 2 kila kimoja. Kipande cha kwanza, karibu na ukingo, kina kina cha mita 0.20 na kasi ya mita 0.10 kwa sekunde, hivyo kinapitisha mita za ujazo 0.04. Cha pili kina kina cha 0.45 na kasi ya 0.25, kinapitisha 0.225. Cha katikati kina kina cha 0.60 na kasi ya 0.35, kinapitisha 0.42. Cha nne, kina 0.40 na kasi 0.20, kinapitisha 0.16. Cha mwisho, kina 0.15 na kasi 0.10, kinapitisha 0.03. Jumla ni mita za ujazo 0.875 kwa sekunde, ambazo mara 86.4 ni lita milioni 75.6 kwa siku. Karibu nusu ya maji yote inapita katika kipande kimoja cha katikati, na ndiyo maana aliyepima karibu na ukingo tu, au katikati tu, akazidisha kwa upana wote, hupata namba isiyo ya mto ule.

Pasipo kifaa, watu hutumia kijiti au chungwa linaloelea na kuhesabu sekunde linazochukua kupita umbali uliopimwa. Njia hii inakubalika kwa makadirio ya awali, mradi ikumbukwe kwamba maji ya juu huenda haraka kuliko yale yanayokwaruza kitanda cha mto. Kasi ya kinachoelea huzidishwa kwa takriban 0.85 ndipo iingie kwenye hesabu. Aliyesahau hatua hiyo ameuongezea mto karibu asilimia 18 ya maji ambayo hayapo.

Hata kipimo kizuri cha mtoni kinaweza kukosea kwa asilimia 5 hadi 10. Kwa hiyo kuandika lita 75,600,000 kana kwamba kila tarakimu inajulikana ni kumpotosha msomaji wa ripoti. Lita milioni 76 inatosha, na ni kauli ya kweli zaidi.

Mto haupimwi hivyo kila siku. Kwenye kituo hufungwa rula ndefu majini, na mwangalizi wa kituo husoma kina asubuhi na jioni. Vipimo vya mtiririko vilivyofanywa katika kina mbalimbali huchorwa kuwa mchoro unaohusisha usomaji wa rula na mtiririko, na kuanzia hapo kila usomaji hugeuzwa kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Katika mito ya mchanga ya pwani ya ziwa mchoro huo huzeeka haraka. Furiko moja likichimba kitanda au likikijaza mchanga, usomaji uleule wa rula unamaanisha maji tofauti. Kituo kilicho karibu sana na ziwa kina tatizo la pili: ziwa likipanda, maji yake huurudisha mto nyuma, rula ikasoma juu ilhali mtiririko haukuongezeka. Dalili huonekana kwenye daftari la kituo. Ikiwa rula inapanda wiki baada ya wiki bila mvua yoyote kwenye bonde, kinachosomwa si mto tena.

Upande wa mahitaji nao hujengwa kwa hatua. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha mkazi wa kijijini anayeteka kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwake. Mjini, ambako bomba linafika uani au ndani ya nyumba, matumizi ni makubwa zaidi. Kwa mji wa mfano wenye watu 40,000, tuseme wastani ni lita 60 kwa mtu. Majumbani zinahitajika lita milioni 2.4 kwa siku. Shule, zahanati, soko, hoteli na ofisi zikichukua moja ya tano ya hapo, lita 480,000 zinaongezeka, na maji yanayopaswa kuwafikia wateja yanakuwa lita milioni 2.88.

Kisha unakuja upotevu, na hapa hesabu huteleza kirahisi. Ikiwa robo ya maji yanayozalishwa huvuja njiani au hayaingii kwenye mita, haitoshi kuongeza asilimia 25 juu ya milioni 2.88, kwa sababu upotevu huhesabiwa kutoka kwenye uzalishaji, nao uzalishaji ndio mkubwa. Wateja wanapata robo tatu tu. Kwa hiyo milioni 2.88 hugawanywa kwa 0.75, na jibu ni lita milioni 3.84. Aliyeongeza asilimia 25 angepata milioni 3.6, na uzalishaji wake ungepungukiwa lita 240,000 kila siku tangu siku ya kwanza. Hatimaye siku za joto na sikukuu huvuta maji kuliko siku ya kawaida. Ikizidishwa kwa 1.2, siku ya matumizi makubwa inahitaji takriban lita milioni 4.6.

Sasa pande mbili zinaweza kukutanishwa, na ni salama zaidi kufanya ubadilishaji kwa kurudi nyuma pia. Lita milioni 4.6 zikigawanywa kwa milioni 86.4 zinatoa mita za ujazo 0.053 kwa sekunde, yaani lita 53 kwa sekunde. Mto wa Juni, wenye 0.875, unazidi hitaji hilo zaidi ya mara 16. Kamati ya maji inayopewa kipimo cha Juni peke yake itarudi nyumbani na furaha.

Timu hiyo irudi Septemba. Mto sasa ni mfereji wa upana wa mita 2 ndani ya mchanga, kina cha sentimita 10, kasi ya mita 0.15 kwa sekunde. Mtiririko ni mita za ujazo 0.03 kwa sekunde, au lita milioni 2.6 kwa siku. Hazitoshi hata siku ya kawaida ya mji, sembuse siku ya joto. Wala zote si za mji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka maji ya kuendeleza uhai wa mto yabaki mtoni, na bodi ya maji ya bonde, ambayo kwa eneo hili makao yake yako Mwanza, hutoa kibali cha kutumia kiasi kilichotajwa tu. Wafugaji na wakulima wa bustani walio chini ya mji nao wanaufuata mto uleule. Baada ya kuwaachia hao chao, mji unabaki na sehemu ndogo ya hizo lita milioni 2.6, na Oktoba huenda usibaki na kitu.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni bwawa. Kama mto hautegemewi kwa siku 90, bwawa linapaswa kubeba lita milioni 3.84 mara 90, ambazo ni lita milioni 345.6 au mita za ujazo 345,600. Hapo mita za ujazo zinarudi kuwa kipimo kinachofaa, kwa sababu bwawa huchimbwa kwa mita. Jua nalo lina fungu lake. Eneo la maji likiwa hekta 10 na uvukizi ukikadiriwa kwa milimita 5 kwa siku, siku 90 zinaondoa sentimita 45 za kina, yaani mita za ujazo 45,000, chakula cha siku karibu 12 cha mji. Nafasi ya mchanga na matope huongezwa juu ya hayo yote, na kwa mto unaobeba mchanga kama Simiyu nafasi hiyo haiwezi kuwa ndogo.

Njia ya pili ndiyo iliyochaguliwa na Mwanza: kuacha mito na kuvuta ziwa. Mtambo wa Capripoint unatajwa kuwa na uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na mtambo mpya wa Butimba lita milioni 48. Kwa pamoja ni lita milioni 138. Ubadilishaji wa kurudi nyuma unatoa mita za ujazo 1.6 kwa sekunde, kiasi ambacho hata kwenye ramani ya mito ya eneo hili kingekuwa kijito. Kikilinganishwa na wastani wa Simiyu wa 39, ni karibu asilimia 4 tu. Hata hivyo kijito hicho kinatiririka ndani ya mabomba kila siku ya mwaka, na hiyo ndiyo tofauti. Katika mwaka mzima, lita milioni 138 kwa siku ni mita za ujazo milioni 50. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo maji yote hayo yakitolewa kwa mara moja yangelishusha ziwa kwa robo tatu za milimita.

Kwa sababu hiyohiyo chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, kilichozinduliwa 2009 kikiwa na uwezo wa lita milioni 80 kwa siku, au mita za ujazo 0.93 kwa sekunde, kinapeleka maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama, mbali na pwani, badala ya kuitegemea mito ya huko. Kwenye ziwa swali la kiasi linaisha, likabaki swali la kina. Ziwa lilishuka sana mwaka 2006 na likapanda kupita kiasi mwaka 2020, kwa hiyo mdomo wa bomba la kuvutia maji huwekwa chini vya kutosha ili usiachwe mtupu, na nyumba ya pampu juu vya kutosha ili isizame.

Zinabaki saa za pampu. Namba 86,400 ni ya siku ya saa 24. Mto haulali, lakini pampu husimamishwa kwa matengenezo, na umeme hukatika. Pampu ikipangwa kufanya kazi saa 20, siku yake ina sekunde 72,000. Ili Butimba izalishe lita milioni 48 katika saa hizo, haitoshi kuvuta mita za ujazo 0.56 kwa sekunde zinazopatikana kwa kugawanya kwa 86,400, zinahitajika 0.67. Kwa mji wa mfano wenye hitaji la lita milioni 4.6, lita 53 kwa sekunde zinakuwa 64. Bomba la kuvutia, pampu na mota hununuliwa kwa namba hii ya pili. Maombi ya kibali hutaja zote mbili, kila moja na kipimo chake: lita au mita za ujazo kwa siku nzima, na kiwango cha juu kabisa kitakachovutwa kwa sekunde wakati pampu zinafanya kazi, kwa kuwa hicho ndicho walio chini ya mto watakachokiona kikipungua.